Falsafa ya Utafiti katika Sura ya Tatu: Kuchagua na Kutetea Njia

Katika tasnifu nyingi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, sura ya tatu ndiyo inayoeleza mbinu za utafiti, na kurasa zake za mwanzo humtaka mwanafunzi ataje falsafa anayoifuata. Hapo ndipo hukutana na njia mbili kuu, ya kipositivisti na ya kifasiri, na mielekeo miwili ya hoja, dedaksheni na induksheni. Wengi huzitaja kwa sentensi mbili tatu zilizotoka kwenye tasnifu ya mtu mwingine, kisha wanakimbilia idadi ya sampuli. Hilo ni kosa lenye gharama, kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata katika sura hiyo, kuanzia aina ya swali hadi namna ya kuthibitisha majibu, hutegemea kile kilichosemwa pale mwanzo.

Upositivisti ulipewa jina na umbo na Mfaransa Auguste Comte katika karne ya 19. Msingi wake ni kwamba jamii ina mpangilio wake ulio nje ya matakwa ya mtafiti, na kwamba mpangilio huo unaweza kupimwa kama wataalamu wa sayansi asilia wanavyopima joto au uzito. Émile Durkheim aliuonyesha kwa vitendo mwaka 1897, alipochapisha kitabu chake kuhusu kujiua. Alikusanya takwimu rasmi za nchi za Ulaya na kulinganisha viwango vya vifo hivyo kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waliooa na wasiooa. Hakumhoji mtu yeyote kuhusu huzuni yake. Alichotaka ni kuonyesha kwamba jambo linaloonekana kuwa siri ya mtu binafsi lina uhusiano na nguvu ya vifungo vya kijamii, na kwamba uhusiano huo unaonekana kwenye hesabu.

Njia ya kifasiri ilikua Ujerumani, kupitia wanazuoni kama Wilhelm Dilthey na Max Weber. Wao walishikilia kwamba binadamu hawezi kuchunguzwa kama jiwe, kwa kuwa matendo yake yana maana kwake mwenyewe, na asiyeielewa maana hiyo hajaelewa tendo lenyewe. Tofauti hii ilidhihirika vizuri mwaka 1967, pale Mmarekani Jack Douglas alipozirudia takwimu za aina ile ile aliyotumia Durkheim na kuuliza swali jingine kabisa: nani aliamua kwamba kifo hiki kiandikwe kuwa ni kujiua? Nyuma ya kila takwimu kulikuwa na ofisa aliyetazama mazingira ya kifo, akasikiliza familia, kisha akatoa uamuzi. Familia iliyoshikamana sana na dini yake ingeweza kumshawishi aandike ajali. Kwa hiyo huenda tofauti ya viwango ilitokana na namna vifo vinavyoandikwa, na si vifo vyenyewe peke yake. Durkheim aliipokea takwimu kama ukweli uliokwisha kupatikana. Kwa Douglas, takwimu yenyewe ilikuwa zao la tafsiri za watu.

Mwelekeo wa hoja ni suala jingine, ingawa linahusiana na hilo. Dedaksheni huanza na nadharia, ikashuka hadi kwenye nadharia tete, yaani dai mahususi linaloweza kupimwa, kisha ikaenda uwandani kuona kama dai hilo linasimama. Karl Popper alisisitiza kwamba thamani ya dai la kisayansi ni kule kukubali kwake kukanushwa. Dai ambalo hakuna data inayoweza kulikanusha halijapimwa. Induksheni huanzia uwandani, ikakusanya maelezo na matukio, ikayapanga, kisha ikapanda hadi kwenye maelezo ya jumla. Barney Glaser na Anselm Strauss, ambao walichunguza jinsi wagonjwa wanaokaribia kufa wanavyohudumiwa katika hospitali za California, waliitetea njia hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1967 kuhusu kuibua nadharia kutoka kwenye data.

Kwa kawaida upositivisti huenda na dedaksheni, na njia ya kifasiri huenda na induksheni. Hiyo ni mazoea yenye sababu nzuri, si sheria.

Chukulia wanafunzi wawili wanaochunguza jambo moja: malipo ya Lipa Namba miongoni mwa wauza nguo wadogo wa Kariakoo, Dar es Salaam. Wa kwanza anauliza ni mambo gani yanayoathiri uamuzi wa muuzaji kupokea malipo kwa simu. Anachagua nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989 kuhusu kukubalika kwa teknolojia, inayosema kwamba mtu huikubali teknolojia kadiri anavyoiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Kutoka hapo anaandika nadharia tete: wauzaji wanaoyaona malipo ya simu kuwa na manufaa zaidi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuyapokea. Anatengeneza dodoso lenye ngazi 5, kuanzia “nakataa kabisa” hadi “nakubali kabisa”, lenye maswali kadhaa kwa kila dhana. Kabla ya kulitumia kwa wote analijaribu kwa watu wachache na kukokotoa alfa ya Cronbach, kipimo cha kuona kama maswali ya dhana moja yanakubaliana, 0.7 na kuendelea ndicho kiwango ambacho wengi hukikubali.

Tuseme orodha ya wauzaji anayoipata ina watu 1,200. Fomula ya Taro Yamane, inayopendwa sana katika tasnifu za eneo hili, humpa ukubwa wa sampuli:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 1200 / (1 + 1200 × 0.05²) = 300
```

Hesabu ni rahisi, lakini masharti yake husahaulika. Fomula hiyo inadhani kwamba kila aliyemo kwenye orodha ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mwanafunzi akisimama kwenye kona moja ya soko na kugawa madodoso kwa wanaopita, ile 300 imebaki kuwa namba tu, na madai yake kuhusu wauzaji wote 1,200 hayana pa kuegemea.

Mwanafunzi wa pili anauliza hivi: wauzaji wenye simu na namba ya malipo wanaelezaje sababu za kuendelea kupendelea fedha taslimu? Hapa dodoso la ngazi 5 lingeziba masikio yake, kwa sababu lingemruhusu kupima yale tu aliyokwisha kuyawaza. Anafanya mahojiano ya kina, anakaa kibandani, anatazama mteja akilipa. Muuzaji mmoja anaweza kumweleza kwamba anayemuuzia mzigo wa jumla anataka fedha mkononi, kwa hiyo pesa iliyoko kwenye simu lazima aitoe na kukatwa. Mwingine anaweza kusema kwamba fedha za mkononi anaziona zikipungua, ila za kwenye simu ndugu wakipiga kuomba huzituma bila kujua ametuma kiasi gani. Mtafiti anasimba maelezo hayo, yaani anaipa kila sehemu ya mazungumzo alama ya wazo lake, anaziunganisha alama zinazofanana, na taratibu inajitokeza mada ambayo nadharia ya Davis haikuitaja: fedha taslimu kama njia ya kulinda mtaji. Hiyo ndiyo induksheni ikifanya kazi.

Huyu hahitaji Yamane. Anaendelea na mahojiano hadi watu wapya wasilete jambo jipya, hali ambayo watafiti huiita kushiba kwa data. Greg Guest na wenzake walipochanganua mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, walieleza mwaka 2006 kwamba mada nyingi zilikuwa zimekwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Walitahadharisha kwamba hilo linategemea kundi lenye watu wanaofanana na maswali yanayofanana. Soko lenye wauzaji wa kila aina litadai zaidi.

Sasa utetezi wenyewe. Kusema “njia hii imetumiwa na watafiti wengi” si hoja, kwa kuwa njia ya pili nayo imetumiwa na wengi. Kusema kwamba upositivisti ni wa namba na njia ya kifasiri ni ya maneno pia hakutoshi, maana kuna madodoso yanayogusa maana na kuna mahojiano yanayotumiwa kuhesabu. Hoja inayosimama hutoka kwenye swali la utafiti na hueleza njia iliyoachwa ingekosa nini. Mwanafunzi wa pili angeweza kuandika hivi: “Utafiti huu ulifuata njia ya kifasiri kwa sababu swali lake linahusu maana ambayo wauzaji wanaipa fedha taslimu, na maana hiyo haikujulikana kabla ya kwenda uwandani. Dodoso lililojengwa juu ya nadharia iliyopo lingewalazimisha wahojiwa kuchagua kati ya majibu ya mtafiti. Hoja ilijengwa kwa induksheni, kutoka katika maelezo yao hadi kwenye mada. Matokeo hayadai kuwawakilisha wauzaji wote wa soko.” Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa inakubali mpaka ambao njia yenyewe imeuweka.

Mtahini mzoefu hugundua mkanganyiko haraka. Hutazama kama nadharia tete zimeorodheshwa katika sura ya kwanza huku sura ya tatu ikidai induksheni. Hutazama kama utafiti unaojiita wa kifasiri umekokotoa sampuli ya watu 300 na kuishia kwenye asilimia. Hutazama pia namna ubora unavyotetewa. Mpositivisti hueleza uhalali na uthabiti wa kipimo chake. Mtafiti wa kifasiri hufuata vigezo kama vile vya Yvonna Lincoln na Egon Guba vya mwaka 1985, kwa mfano kuwarudishia wahojiwa matokeo waseme kama yanaaminika. Anayetafuta alfa ya Cronbach kwenye mahojiano 15 ya kina ameonyesha kwamba falsafa aliyoitaja hakuielewa.

Zipo tafiti zinazohitaji njia zote mbili, kwa mfano kuhoji wachache ili kuibua mada, kisha kuzipima kwa dodoso kwa watu wengi. Hizo mara nyingi huegemea upragmatisti, unaoruhusu swali liamue zana. Hata hivyo mwandishi wake analazimika kueleza ni sehemu ipi iliyoongozwa na induksheni, ipi na dedaksheni, na ni wapi hizo mbili zilikutana. Neno “mseto” peke yake halielezi lolote.

Kwa mwanafunzi ambaye amerudi kutoka uwandani na sasa anagundua kwamba sura yake ya tatu inasema jambo moja na data yake inasema jingine, dawa ni kurekebisha maelezo ya sura, na swali pia kama msimamizi ataridhia, ili yalingane na kilichofanyika kweli. Dodoso lililokwisha kujazwa haliwezi kugeuzwa kuwa mahojiano.