Slipu imetoka na haina gredi: Sasa ufanye nini?

Tuseme unakaa Muyeye, Malindi. Matokeo ya KCSE yametangazwa, bando imebaki kidogo, na kwenye ukurasa wa results.knec.ac.ke mahali pa gredi pana herufi moja tu: X. Simu inaanza kulia, shangazi yuko Mtwapa anauliza umepata ngapi. Utamjibu nini?

Usiseme umefeli. Aliyefeli ana gredi. E ni gredi, ina pointi yake moja. Ukiona neno linalosema huna gredi, maana yake ni kwamba hujapimwa, au kipimo chako kimesimamishwa, na hayo mawili yanadai hatua tofauti kabisa.

Tuanze na hiyo X, yaani hukuwepo. Tuseme iko kwenye hisabati, ambayo ina karatasi mbili, 121/1 na 121/2. Kama ile ya pili ulikosa kwa sababu ulikuwa umelazwa, X iko sawa hata kama ya kwanza uliifanya vizuri. Na inauma zaidi kwenye hisabati, kwa sababu tangu KCSE ya 2023 gredi ya wastani hutokana na hisabati, lugha moja, na masomo mengine 5 uliyofanya vizuri zaidi. Fizikia unaweza kuifunika kwa somo lingine. Hisabati huwezi.

Lakini je, kama ulifanya karatasi zote mbili? Hapo una kesi. Kila karatasi ina orodha ya mahudhurio ambayo mtahiniwa hutia sahihi. Namba yako ya mtihani ina tarakimu 11: 8 za kituo, 3 zako. Ukikosea moja kwenye karatasi, alama zako zinaweza kupotea njia. Kwa hivyo nenda shuleni kabla ya kwenda kokote, umuone mwalimu mkuu. Yeye ndiye msimamizi wa kituo, na ni yeye anayepaswa kuwaandikia KNEC. Mpe namba yako, karatasi gani, siku gani, ulikaa chumba kipi. Ukingoja mwezi wa tano ukiamini "itajirekebisha", usajili wa kurudia mtihani utakupita.

Sasa yale maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kuzuiliwa na kufutwa. Matokeo yaliyozuiliwa bado hayajaamuliwa. Alama zipo, lakini KNEC inachunguza jambo, mara nyingi madai ya udanganyifu, na mara nyingi linagusa kituo kizima. Matokeo ya 2023 yalipotangazwa, ya watahiniwa zaidi ya 4,000 yalizuiliwa kwanza ili uchunguzi ufanyike. Huu ndio wakati wa kusema upande wako, kwa maandishi, ukibaki na nakala.

Yaliyofutwa ni habari nyingine. Hiyo ndiyo Y: uamuzi umeshapita. KCSE ya 2015 ilifutiwa watahiniwa 5,101. Ukifutiwa, barua za kuomba huruma hazisaidii sana. Njia ni rufaa, na sheria ya KNEC ya 2012 iliunda baraza maalum la rufaa za mitihani. Mahakama Kuu kwa kawaida itataka upitie huko kwanza.

Na ukifika mahakamani, angalia unaomba nini. Wanafunzi 10 waliofutiwa matokeo ya KCSE walishtaki baraza, na kesi ikafika Mahakama ya Rufaa mwaka 1997. Waliomba mahakama ilikataze baraza na iliamuru litoe matokeo. Majaji wakasema huwezi kukataza jambo lililokwisha kufanyika, wala mahakama haiwezi kuamuru baraza lifikie uamuzi fulani. Amri ambayo ingefaa ni ile ya kubatilisha uamuzi, na hiyo hawakuwa wameiomba. Tena hiyo ina saa yake: miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Hebu fikiria, kesi nzima inaanguka kwa ombi lililokosewa.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao huku kwetu, kuanzia Watamu hadi Ganze, nausikia kila Januari: "Matokeo yangu yamezuiliwa, nina deni la karo." Hapana. Shule haina uwezo wa kuzuia matokeo. Inachokalia ni cheti, na hata hicho sheria hiyo hiyo ya 2012 inakataza mtu au taasisi yoyote kukizuia. Deni linabaki deni na wazazi wanaweza kudaiwa, lakini cheti ni chako.

Wakati hayo yakiendelea, KUCCPS haikungoji. Digrii inataka C+ na kuendelea, na bila wastani huna cha kuwaonyesha, hata kama ndoto yako ni Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi mjini. Ukiwa na X ya haki, jisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi usajili unapofunguliwa. Ukiwa umezuiliwa, muulize mwalimu mkuu kila wiki barua ya KNEC imesema nini, na umuombe akuonyeshe barua yenyewe. Shangazi naye mwambie hivi: "Bado sijapewa gredi, naifuatilia."