Kabla Hujalipia Runinga ya Kwanza

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa Majengo, Mpanda, mwenye kisimbuzi cha zamani cha nyaya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Aende nacho dukani. Runinga nyingi mpya zina tundu moja dogo la AV linalohitaji waya wa kuunganishia. Aulize: waya huo umo kwenye boksi? Matundu ya HDMI ni mangapi, nayo yote yanafanya kazi? Achomeke kisimbuzi kwenye tundu la AV, na kifaa chenye HDMI katika kila tundu la HDMI, kwa kuwa maandishi ya boksi si jaribio.

Kioo ndicho kinachotaka subira zaidi, maana kubadilisha kioo kilichoharibika mara nyingi hukaribia bei ya runinga mpya. Runinga iwashwe, si kuoneshwa ikiwa imezimwa. Aombe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, kutoka kwenye flashi. Juu ya nyeupe atafute vidoti vyeusi, mistari na madoa; juu ya nyeusi, mwanga unaovuja pembeni.

Kuhusu dhamana aulize: inahusu kioo, au saketi pekee? Hitilafu ya umeme imo? Fundi yuko Mpanda, au runinga itasafirishwa, na kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe kwenye kadi yenye muhuri na tarehe. Namba ya kifaa iliyo kwenye kadi ilingane na ile ya mgongoni mwa runinga, na risiti ya EFD itaje aina ya runinga na kiasi kamili alicholipa.