Viungo vya Uluguru: Tangazo linalotazamwa si lazima ndilo linalouza

Wauzaji wa viungo mjini Morogoro, wanaochukua pilipili manga, mdalasini na karafuu kutoka Kinole, Mkuyuni na Matombo na kuwatumia wateja wa Dar es Salaam kwa basi, sasa wanatenga sehemu ya mtaji kwa video fupi za kulipia mitandaoni. Wengi hutengeneza video moja yenye mianzo miwili. Swali linalowagharimu ni mwanzo upi uongezewe fedha.

Mama mmoja anayeuza pilipili manga, ambaye hakutaka jina lake litajwe, ana skripti mbili zinazotofautiana kwa sekunde tatu za kwanza tu. Moja inauliza: "Una hakika pilipili manga yako haijachanganywa na mbegu za papai?" Nyingine inasema: "Pilipili manga ya Kinole, robo kilo, unaletewa mpaka ulipo."

"Hiyo ya papai simu inaita mpaka usiku," anasema. "Lakini mtu anauliza mbegu za papai zinatambulikaje. Ukimjibu anasema asante mama, anapotea. Hela yangu inaishia kufundisha watu."

Kinachomuudhi zaidi ni jinsi fedha ilivyogawanywa. Aliziweka video zote mbili kwenye kampeni moja, na siku ya pili akakuta karibu bajeti yote imekwenda kwenye ya papai. "Ya Kinole haikupewa hata nafasi ya kujaribu. Nani aliamua?"

Uliamua mfumo wenyewe wa matangazo. Ukiuambia lengo lako ni ujumbe, utaifuata video inayoleta ujumbe wa bei rahisi, na utaichagua mapema kwa dalili chache. Malipo yanafanyika baadaye, kwa simu, kati ya muuzaji na mteja, hivyo mfumo hauyaoni. Kazi ya kuunganisha kila oda na video iliyoileta inabaki kwa muuzaji na daftari lake. Njia rahisi ni kuipa kila video ujumbe wake wa kuanzia mazungumzo, ili mteja anapoandika ijulikane katokea wapi.

Chukua hesabu ya mfano. Kila video inapewa bajeti yake ya shilingi 60,000 kwa wiki, siku zilezile, mji uleule. Ya papai inaleta ujumbe 120, sawa na shilingi 500 kwa kila mmoja, na wanaolipa ni 10. Ya Kinole inaleta ujumbe 75, sawa na shilingi 800, na wanaolipa ni 15. Kwa ujumbe, papai imeshinda. Kwa oda, papai imegharimu shilingi 6,000 kila moja na Kinole 4,000. Kama faida ya oda kabla ya tangazo ni shilingi 5,000, video inayopendwa ndiyo inayokula mtaji.

Hata hivyo, 15 kwa 10 bado si ushindi, maana tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kipimo kimoja kinachofaa pale bajeti zinapolingana ni kuchukua tofauti ya oda, kuizidisha kwa yenyewe, kisha kugawa kwa jumla ya oda zote. Jibu likiwa chini ya 4, subiri. Hapa ni 25 kugawa kwa 25, yaani 1. Mwendo ukibaki huohuo kwa wiki 4, oda zitakuwa 60 kwa 40, na jibu litafika 4. Lakini muuzaji atakuwa ametumia shilingi 480,000 kupata uhakika huo. Kuchungulia kila jioni na kusimamisha jaribio siku namba zinapopendeza kunaharibu kipimo. Kupeleka video moja mwisho wa mwezi na nyingine katikati, mishahara ikiwa imekwisha, kunakiharibu vilevile.

Afisa mmoja anayesimamia wafanyabiashara wadogo anasema mafunzo ya biashara mtandaoni "yamezaa matunda", na ushahidi anaoutoa ni wingi wa watazamaji. Alipoulizwa wangapi kati yao walilipa, alisema hilo ni la wafanyabiashara wenyewe. Kwa muuzaji mwenye faida ya shilingi 5,000 kwa oda, hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa sasa mama huyo ametenganisha bajeti na kuipa Kinole sehemu kubwa kidogo, bila kuizima ya papai. Huenda yuko sahihi. Mfungo wa Ramadhani, mahitaji ya viungo yanapopanda, unaweza kuzibadili namba zote mbili, na mwanzo uliouza mwezi huu unaweza kuchosha wateja walewale mwezi ujao. Wenye mtaji mkubwa watamudu kulipia wiki 4 za kujua. Wauzaji wadogo, ambao ndio wengi, wataendelea kuamua kwa oda 10 na 15.