Kondomu Moja, Hesabu Mbili

Je, wajua kwamba kondomu ileile, ya kiwanda kimoja na boksi moja, hupewa hesabu mbili tofauti za kushindwa? Mwongozo wa uzazi wa mpango ambao Shirika la Afya Duniani huwaandalia wahudumu wa afya unasema hivi: wanawake 100 ambao wenzi wao huvaa kondomu kila mara, tena kwa kupatia, 2 kati yao watashika mimba ndani ya mwaka mmoja. Wanawake 100 wanaoitumia jinsi watu wanavyoitumia kweli, watashika mimba 13. Kumwaga nje nako kuna hesabu mbili: 4 kwa wanaopatia kila mara, 20 kwa watu wa kawaida. Wasiotumia njia yoyote hufika 85.

Wengi wakisikia hiyo 13 hudhani kwamba kila kondomu 100 zikivaliwa, 13 hupasuka. Sivyo kabisa. Tarakimu hizi zinahesabu wanawake, wala hazihesabu mipira, na kipimo chake ni mwaka mzima. Mke na mume wanaokutana mara mbili kwa wiki humaliza kondomu 100 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo wanawake 100 ni kondomu kama 10,000, na wanaozivaa sawasawa hupata kwazo mimba 2 tu. Mpira wenyewe hauna deni kubwa.

Sasa hiyo 13 inatoka wapi? Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu. Tarakimu za matumizi ya kawaida zilitokana zaidi na uchunguzi wa kitaifa wa Marekani, ambamo wanawake huulizwa walikuwa wakitumia njia gani mwezi waliposhika mimba. James Trussell wa Chuo Kikuu cha Princeton ndiye aliyezichambua kwa miaka mingi. Mwanamke akijibu "kondomu", mimba yake huandikwa kwenye safu ya kondomu, hata kama usiku ule kondomu ilikuwa imelala kwenye pochi. Hesabu ya matumizi ya kawaida inawachanganya waliovaa vibaya, waliovaa wakiwa wameshaanza, na ambao siku hiyo hawakuvaa kabisa.

Hilo kundi la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Tukichukua siku yoyote ya mzunguko bila kuchagua, tendo moja lisilo na kinga huleta mimba kwa kadiri ya mara 3 katika 100. Ni nafasi ndogo, ndiyo maana watu huipuuza. Haya, wale mke na mume wetu wa mara 100 kwa mwaka wamevaa mara 95, na mara 5 wameacha: siku moja boksi limekwisha, siku nyingine umeme umekatika na pakiti haionekani, siku nyingine wamejisemea "leo ni siku salama." Mara hizo 5 peke yake, ukizipigia hesabu, zinamfikisha mke kwenye nafasi ya 14 hivi katika 100 ya kushika mimba mwaka huo. Hata hatujagusa suala la mpira kupasuka. Makisio haya ni ya jumla, maana inategemea siku hizo 5 ziliangukia wapi kwenye mzunguko, lakini yanaonyesha jinsi mtu anavyoweza kusema kwa moyo safi kwamba "sisi tunatumia kondomu" na bado akawa ndani ya wale 13.

Kuchomoka ni habari nyingine, na mara nyingi hutokea wakati tendo limeshakwisha. Mwanamume akishamwaga, uume huanza kulegea. Akibaki ndani dakika chache, mpira unakuwa mkubwa kuliko uume uliouvaa, manii hurudi nyuma kuelekea kwenye ringi, na anapojitoa kondomu inabaki. Kinga yake ni kitendo cha sekunde mbili: kushika ringi kwenye shina la uume na kutoka mapema, uume ukiwa bado umesimama. Wengi wanaijua hatua ya kubana chuchu ya kondomu ili kutoa hewa, lakini hii ya kushika ringi husahaulika, labda kwa sababu saa hiyo kila mtu anaona kazi imeisha.

Tumfuate Zawadi, mwanamke wa mfano tu. Hedhi yake huja kila baada ya siku 28, na mara ya mwisho ilianza tarehe 1. Usiku wa tarehe 12 kondomu imebaki ndani. Aitoe kwa vidole viwili bila hofu, kwani mlango wa kizazi una tundu dogo mno na mpira hauwezi kupotelea tumboni. Kisha aiangalie. Ikiwa manii yote bado yamo kwenye chuchu na ringi ilikuwa nje ya uke, hatari ni ndogo. Ikiwa imejikunja ndani na haina kitu, au majimaji yametapakaa, ahesabu kwamba amefanya bila kinga. Kujiosha ndani kwa maji, sabuni au soda hakusaidii, maana mbegu huingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, nako maji hayafiki.

Nafasi ya Zawadi si ile 3 ya wastani. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 221 wa North Carolina waliokuwa wakitafuta mimba. Mimba zote ambazo siku yake ilijulikana zilitokana na tendo la ndani ya siku 6: siku 5 kabla ya yai kupevuka na siku yenyewe ya kupevuka. Mbegu za kiume huweza kuishi humo hadi siku 5, lakini yai halimalizi zaidi ya siku moja. Tendo la siku ya kwanza kati ya hizo lilikuwa na nafasi ya 10 katika 100, na kwenye siku mbili tatu za mwisho ilipanda hadi karibu theluthi moja. Yai la Zawadi likipevuka tarehe 14 kama kawaida, tarehe 12 imeangukia pabaya, nafasi yake ni kama robo. Tatizo ni hilo neno "likipevuka." Yai linaweza kuwahi au kuchelewa hata kwa mwenye mzunguko wa kutegemewa, na ndiyo maana "leo ni siku salama" ya kuhesabia vidole huwaangusha wengi.

Kumwaga nje ni njia ya kale. Waislamu wa mwanzo waliijua kwa jina la azli, na wanazuoni wameijadili kwa karne nyingi. Hesabu yake ya 4 huwashangaza watu, kwa kuwa wameambiwa kwamba si njia kabisa. Ni njia, ila 4 hiyo ni makisio ya wataalamu, na imekaa juu ya sharti gumu: mwanamume atoke kabla ya tone la kwanza, kila mara, mwaka mzima.

Ugumu uko kwenye mwili. Kumwaga kuna hatua mbili. Kwanza mbegu na majimaji ya tezi hukusanywa kwenye sehemu ya nyuma ya mrija wa mkojo, kisha misuli hubana na kuyarusha nje. Hatua ya kwanza ikishaanza, ya pili haizuiliki kwa nia wala kwa nguvu. Mwanamume anao muda mfupi tu kati ya kuhisi na kumwaga, na muda huo unamkuta akiwa hana hamu hata kidogo ya kutoka. Tena mruko wa kwanza ndio wenye mbegu nyingi zaidi. Aliyechelewa kwa sekunde moja kisha akamalizia nje, amemwaga nje majimaji mengi na ameacha ndani ile sehemu yenye nguvu.

Kuna pia madhii, yale maji mepesi yanayotangulia. Mwaka 2011 Killick na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya kupima madhii ya wanaume 27: 11 walikutwa na mbegu, na kwa 10 kati yao mbegu hizo zilikuwa zikiogelea. Idadi yake kwa kawaida ilikuwa ndogo ukilinganisha na manii. La kuvutia ni kwamba aliyekuwa nazo alikuwa nazo karibu kila alipopimwa, na asiye nazo hakuwa nazo. Ushauri wa "kojoa kwanza" haukuwaokoa, kwa sababu wanaume hao walikuwa wameshakojoa. Hakuna mwanamume anayeweza kujijua yuko kundi gani kwa kujitazama. Hata hivyo, nikiulizwa nini kinaipandisha hesabu kutoka 4 hadi 20, nitasema ni kuchelewa kutoka kuliko madhii.

Linganisha na kijiti cha mkononi. Mwongozo uleule unakipa 0.1 kwa matumizi kamili na 0.1 kwa matumizi ya kawaida, kwa kuwa hakimtaki mtu akumbuke chochote usiku. Kadiri njia inavyodai uamuzi mpya kila tendo, ndivyo hesabu zake mbili zinavyoachana. Ila kijiti hakizuii virusi vya UKIMWI wala kisonono, na kwa hilo kondomu haina mshindani.

Turudi kwa Zawadi, ni asubuhi ya tarehe 13. Wengi hukimbilia P2 duka la dawa. Dawa yake ni levonojestreli, miligramu 1.5 kwa jumla. Pakiti ikiwa na vidonge viwili vya 0.75, anaweza kuvimeza vyote kwa pamoja, mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Akitapika kabla ya saa 2 kupita, ameze tena. Kidonge hiki hufanya kazi kwa kuchelewesha yai, na hakitoi mimba iliyokwisha kuingia. Kichocheo kinachofungua yai kikishaanza kupanda, saa kama 36 kabla ya kupevuka, kidonge kinakuwa kimechelewa, na Zawadi huenda yuko hapo hapo. Kwake yeye chenye uhakika zaidi ni kitanzi cha shaba, kikiwekwa na mhudumu ndani ya siku 5. Kikiwekwa hivyo, hata mwanamke mmoja kati ya 100 ni nadra kushika mimba, na anaweza kubaki nacho kwa miaka. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au efavirenzi ya kupunguza makali ya virusi, amwambie mfamasia kabla ya kununua, kwani hupunguza nguvu ya P2. Akimeza P2 akapona salama, tendo jingine la mwezi uleule linataka kinga upya, kwa sababu yai limeahirishwa tu.

Kama hali ya VVU ya mwenzi haijulikani, dawa za kuzuia maambukizi nazo zina kikomo cha saa 72, na hupatikana kituo cha afya, si duka la dawa.

Kipimo cha mkojo hutoa jibu la kuaminika wiki 3 baada ya tendo. Usingoje hedhi ichelewe ndipo utafute msaada: siku hiyo ikifika, muda wa P2 na wa kitanzi umeshapita.