Picha za Harusi Zisipofika: Barua Yenye Tarehe na Kazi Yake

Mpiga picha akichelewa kukabidhi picha za harusi, maharusi wengi hungoja. Wiki nane alizoahidi zinapita, wanampigia simu, naye anajibu kwa upole kwamba bado anazihariri na wiki ijayo zitakuwa tayari. Wanamjibu, "Sawa, tunasubiri." Mwezi unakwisha. Wanauliza tena, na tena wanasubiri.

Subira hiyo ina gharama wasiyoiona. Kila wanapokubali kungoja, tarehe waliyoandikiana hulegea, na mpiga picha anaweza kudai baadaye kwamba wao wenyewe walimwongezea muda. Dawa yake ni barua moja inayotaja siku ya mwisho, na nguvu ya barua hiyo inatokana na kesi ya gari.

Mwaka 1947, mteja mmoja wa Uingereza, Oppenheim, aliagiza gari lake la Rolls-Royce lijengewe bodi. Kazi ilipaswa kuisha kufikia Machi 1948. Haikuisha, naye akaendelea kuhimiza bila kuvunja mkataba. Mwishoni mwa Juni akaandika kwamba gari lisipokuwa tayari ndani ya wiki nne, hatalipokea. Lilikamilika Oktoba, akalikataa. Mwaka 1950 Mahakama ya Rufani ilimpa haki: alikuwa amelegeza tarehe ya kwanza, lakini notisi yenye muda wa kutosha iliweka tarehe mpya isiyolegea. Kwa kuwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, katika kifungu cha 2, inafuata kanuni za mikataba zilizokuzwa na mahakama za Uingereza, hoja hiyo inamfaa pia bibi harusi wa Nakuru.

Tuwachukue maharusi wa Nakuru kwa mfano. Harusi yao ilikuwa Jumamosi, 7 Desemba 2024. Mpiga picha alifika, akafanya kazi kutwa nzima na akalipwa zote. Miezi mitano baadaye hawajaona picha hata moja. Barua yao ingeweza kusomeka hivi:

"Nakuru, 5 Mei 2025

Kwa Bwana,

KUH: PICHA ZA HARUSI YETU YA 7 DESEMBA 2024

Tulikubaliana kwa maandishi tarehe 3 Aprili 2024 kwamba utatupigia picha za harusi na kutukabidhi ndani ya wiki nane picha 400 zilizohaririwa, kwa shilingi 60,000, pamoja na albamu moja, kwa shilingi 20,000. Tulikulipa shilingi 40,000 siku hiyo na shilingi 40,000 siku ya harusi. Nakala za ujumbe wa M-Pesa zimeambatishwa. Siku ya kukabidhi ilikuwa 1 Februari 2025. Hadi leo hatujapokea chochote.

Tunakutaka utukabidhi picha zote na albamu kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatatu, 19 Mei 2025. Ikiwa hujamaliza kuhariri, tutapokea picha jinsi zilivyotoka kwenye kamera kufikia saa hiyo hiyo, kisha tutakubaliana kiasi utakachorudisha. Usipotupa picha zozote, tutahesabu kwamba umevunja mkataba, na utatakiwa kurudisha shilingi 80,000 kufikia Jumatatu, 26 Mei. Pesa zisiporudi, tutafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo bila notisi nyingine.

Tafadhali usifute wala usitumie tena kadi na diski zenye picha zetu, na utujulishe ndani ya siku tatu ziko wapi."

Hakuna tusi ndani yake, wala simulizi ya machozi. Aya ya kwanza inaeleza walichokubaliana na walicholipa. Malipo hutajwa mapema kwa sababu jibu la kwanza la mpiga picha huwa kwamba bado anadai salio. Kama maharusi kweli wanadaiwa, walipe au waahidi kulipa siku ya kukabidhiwa. La sivyo anaweza kuwa na sababu halali ya kuzuia kazi yake.

Muda wa wiki mbili nao una maana yake. Mkataba wenyewe ulitoa wiki nane, na sasa wiki nyingine kumi na tatu zimeongezeka juu yake, kwa hiyo hakimu atauona muda huo kuwa wa haki. Siku mbili zingeonekana za hasira.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ombi la picha zisizohaririwa. Pesa zikirudi zinaweza kulipia albamu nyingine, lakini kiapo hakirudiwi kwa ajili ya kamera. Mara nyingi mpiga picha hukwama kwa kulemewa na kazi au kwa kuwa fundi anayemhariria amemwacha, huku picha zenyewe zipo. Mtu wa namna hiyo anahitaji njia nyepesi ya kutoka, na kunakili faili kwenye diski ni kazi ya muda mfupi.

Akikwepa hata hilo, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi kwamba picha zimepotea: kompyuta imeibwa, diski imekufa, au kadi imetumika katika harusi nyingine. Hata hivyo, faili iliyofutwa kwenye kadi kwa kawaida hubaki hadi nyingine iandikwe juu yake, na fundi mwenye programu ya kurejesha data anaweza kuipata. Ndiyo maana barua inamkataza kuitumia kadi tena, na ndiyo maana haifai kuandikwa baada ya mwaka.

Barua ipelekwe kwa njia inayoacha alama. Nakala ya karatasi isainiwe na aliyeipokea, na nyingine itumwe kwa WhatsApp kwenye namba ile ile waliyozoea kuwasiliana naye. Mazungumzo ya nyuma yasifutwe, hata yale yanayouma.

Tuseme tarehe 16 Mei analeta picha 120 na kukiri kwamba nyingine zimepotea. Shilingi 20,000 za albamu hazina ubishi, zirudi. Shilingi 60,000 za picha haziwezi kugawanywa kwa hesabu tupu, maana picha 120 za wageni wakila si sawa na 120 zenye kiapo, wazazi na kukata keki. Maharusi waandike ni sehemu gani za siku hazimo, wadai kiasi kinacholingana na pengo hilo, na makubaliano yasainiwe pande zote mbili pamoja na siku ya malipo.

Asipoleta chochote, atasema alikuja na akafanya kazi kutwa. Jibu ni kwamba walimlipa ili wapate picha, na hawakupata hata moja. Wanaweza pia kudai fidia ya uchungu. Kwa kawaida mahakama haitoi fidia hiyo katika mikataba, ila picha za harusi zimewahi kutazamwa tofauti: mwaka 1971, katika kesi ya Diesen na Samson huko Uskoti, mpiga picha hakufika harusini, na bibi harusi akapewa pauni 30 kwa kuumizwa moyo. Kiasi chenyewe ni kidogo, na uamuzi wa Uskoti haulazimishi hakimu wa Kenya, kwa hiyo dai hilo lisimame nyuma ya lile la kurudishiwa pesa.

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Mdai anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Atakachobeba ni mkataba, ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yaliyochapishwa na nakala ya barua iliyosainiwa na mpokeaji. Tarehe 27 Mei asubuhi, maharusi wa Nakuru watakuwa na vyote vinne mkononi.