Tundu Katikati ya Sakafu: Nguvu Hupita Wapi?

Tarehe 22 Februari 2011, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Christchurch, Nyuzilandi. Jengo la CTV lenye ghorofa sita liliporomoka na kuua watu 115. Kilichobaki wima ni mnara wa kuta za zege uliozunguka ngazi na lifti. Kuta hizo ndizo zilizotegemewa kulizuia jengo lisiyumbe, lakini sakafu zilichomoka, zikaziacha zimesimama peke yake. Tume iliyochunguza maafa hayo ilitaja kasoro kadhaa za usanifu, na mojawapo ilikuwa udhaifu wa kiungo kati ya sakafu na kuta hizo.

Tumezoea kudhani kwamba sakafu ina kazi moja, kubeba watu na vyombo. Tetemeko likija, hupata kazi ya pili. Uzito mwingi wa jengo umo ndani ya slabu, kwa hiyo nguvu ya kulisukuma jengo kando huzaliwa humo humo, na slabu yenyewe ndiyo inayoipeleka kwenye kuta. Hapo hufanya kazi kama boriti pana iliyolazwa ubavu.

Tuchukue slabu ya urefu wa mita 30 na upana wa mita 12, yenye ukuta wa zege kwenye kila ncha fupi. Tuseme tetemeko linaisukuma kwa tani 2 kwa kila mita ya urefu. Jumla ni tani 60, kila ukuta unapokea 30. Slabu inajipinda: ukingo mmoja mrefu unabanwa, wa pili unavutwa. Katikati, kani ya kupinda ni 2 × 30² ÷ 8, yaani tani-mita 225. Gawanya kwa upana wa mita 12, unapata karibu tani 19 za mvuto ukingoni. Zege halivumilii mvuto, kwa hiyo kazi hiyo ni ya nondo. Nondo mbili za milimita 16, za chuma cha daraja la 500, hubeba kama tani 17.5, hivyo tutaweka tatu.

Sasa mwenye jengo anataka mwanga ushuke hadi chini, akatoboa tundu katikati, mita 10 kwa 6. Zimebaki kanda mbili, kila moja ikiwa na upana wa mita 3. Wengi wangeongeza nondo kwenye kingo za nje, wakaridhika. Lakini kila ukanda sasa ni boriti ndogo ya mita 10, iliyoshikwa ncha zote mbili, ikibeba nusu ya msukumo, tani 1 kwa mita. Kani yake ya kupinda kwenye ncha ni 1 × 10² ÷ 12, kama tani-mita 8.3. Hiyo inajumlishwa na mvuto mkuu, ambao hapa ni tani 24 kwa ukanda mzima, 12 kwa kila ukingo wake. Gawanya 8.3 kwa mita 3, ni karibu tani 2.8. Penye pembe ya tundu, ukingo wa ndani unavutwa kwa 12 na 2.8, karibu tani 15. Kabla ya tundu, hapo hapakuwa na nondo yoyote ya kazi hii.

Ndiyo maana ufa wa kwanza huanzia pembeni mwa tundu na kukimbia mshazari ndani ya slabu. Kosa la kawaida ni kuikata nondo pale pale tundu linapoishia. Zege huishika nondo ya milimita 16 kwa urefu wa kama sentimita 65, lakini tani 15 zinahitaji slabu pana ya kuzipokea, hivyo huendelezwa mbali zaidi kupita pembe. Na kwa kuwa tetemeko husukuma huku na huku, upande wa pili huwekwa nondo zile zile.

Zimebaki tani 30 za kila ukuta. Zikigawanywa kwenye mita 12 za mguso, ni tani 2.5 kwa mita, na nondo zinazotoka ukutani kuingia kwenye slabu ndizo zinazozivusha. Ngazi ikipakana na ukuta na kula mita 4 za mguso huo, mita 8 zilizobaki hubeba tani 3.75 kila moja. Slabu iliyo nyuma ya ngazi nayo haigusi ukuta tena, kwa hiyo inahitaji nondo nene za kuburuta nguvu yake hadi kwenye sehemu inayogusa.

Hesabu hii inafaa tundu likiwa katikati, ambako nguvu ya kukata ukingoni mwake ni tani 10 tu. Ukilisogeza karibu na ukuta, kanda zile nyembamba zitadaiwa karibu tani 30. Kwa hiyo kabla zege halijamwagwa, tembea hadi pembe ya tundu na mstari wa ukuta, uangalie nondo zinaishia wapi. Zege likishamwagwa, zimefunikwa.