Gauni Libadilike, Sura Ibaki

Wapambe sita wamevaa gauni za pichi, na bibi harusi anataka kijani cha zumaridi. Ugumu ni kwamba pichi na ngozi ni rangi jirani. Ukiiambia Photoshop igeuze pichi yote pichani, mashavu na mikono nayo yatakuwa kijani.

Kwa hiyo chagua gauni kwanza, moja baada ya nyingine, ukizunguka kwa subira vidole vilivyoshika maua na nywele zilizoangukia mabegani. Kisha ongeza tabaka la Hue/Saturation juu ya picha. Litagusa sehemu uliyochagua tu. Nyuso na mikao hubaki kama kamera ilivyovinasa. Mikunjo ya kitambaa pia hubaki, maana kinachogeuka ni rangi, si mwanga na kivuli. Zumaridi ni nzito kuliko pichi, hivyo tia giza kidogo kwa Curves.

Wengi huishia hapo, na picha huonekana ya bandia. Gauni la pichi lilirusha rangi yake chini ya kidevu na ndani ya mikono. Ipunguze kwa brashi laini, kidogokidogo, kisha ikuze picha hadi 200% utafute mstari wa pichi uliosalia pembezoni mwa gauni.